Ufunguo Ukishatoka Nje

Natunza mifumo ya maduka, mingi ikiwa ya wauza mitumba na vitenge wa Mchikichini na Kariakoo. Ni mifumo midogo: hesabu ya mzigo, madeni, na ujumbe wa simu wa kumwarifu mteja wa Singida kwamba belo lake limepakiwa kwenye basi. Ujumbe huo hutumwa kwa ufunguo wa API, yaani mfuatano mrefu wa herufi na namba ambao kampuni ya ujumbe humpa mteja wake. Anayeushika ndiye mwenye duka, kwa jinsi mashine inavyoona.

Kijana aliyetengeneza mfumo wa duka moja la jumla aliuandika ufunguo ndani ya `config.php`, kisha akaiweka repo nzima hadharani GitHub ili waajiri waone kazi yake. Mama mwenye duka alinipigia asubuhi: salio la ujumbe limekwisha usiku, na duka lilikuwa limefungwa. Muda si mrefu watu asiowajua wakaanza kumpigia na kumtukana. Walikuwa wamepokea ule ujumbe unaojulikana nchi nzima, wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ila huu ulibeba jina la duka lake mahali pa mtumaji. Salio hununuliwa tena. Jina likishachafuka kwa wateja wa jumla, ni kazi nyingine.

"Kaka, mbona nimeshautoa?" kijana aliniambia. Kweli alikuwa ameufuta ule mstari na kusukuma komiti mpya. Lakini Git huhifadhi faili kama zilivyokuwa katika kila komiti, na kufuta leo hakugusi ya jana. Nilimwonyesha kwa amri hii:

```
git log --all --oneline -S'UFUNGUO'
```

Zikatoka komiti mbili, iliyouingiza na iliyoutoa. Hiyo ya pili aliipa maelezo "nimetoa ufunguo", kibao kabisa cha kumwelekeza mwizi mlangoni. Akapendekeza tuifunge repo isionekane. Kuifunga hakumnyang'anyi aliyekwisha kunakili. Na repo iliyofungwa nayo si kasha: mwaka 2016 wavamizi waliingia kwenye repo za faragha za Uber, wakakuta ufunguo wa seva za Amazon, wakaondoka na taarifa za watu milioni 57.

Kwa hiyo historia tuliiacha kwanza. Kazi ya mwanzo ni kuua ufunguo. Hali ikiwa shwari, unatengeneza mpya, unauweka kwenye seva, unajaribu, ndipo unafuta wa zamani, na duka halikosi huduma. Hapa wizi ulikuwa unaendelea, tukafuta wa zamani papo hapo, mama akawapigia wateja simu asubuhi nzima. Kisha nikajaribu kutuma ujumbe kwa ufunguo uliofutwa. Jibu likawa 401. Usiruke jaribio hilo, kwa sababu kwenye baadhi ya huduma kuzalisha ufunguo mpya hakuzimi ule wa zamani. Zote mbili huendelea kufanya kazi.

Ufunguo mpya tuliuweka kwenye `.env` iliyobaki seva tu. Hata hivyo ukumbusho wa madeni ukanyamaza: kulikuwa na hati nyingine ndogo iliyobeba nakala yake ya ufunguo wa zamani. Tafuteni matumizi yote kabla hamjasema mmemaliza.

Ndipo tukasafisha historia. Ufunguo wa zamani uliandikwa peke yake kwenye faili `siri.txt` nje ya repo, na ndani ya nakala mpya kabisa ya repo tukaendesha:

```
git filter-repo --replace-text ../siri.txt
git remote add origin ANWANI
git push --force --all
git push --force --tags
```

Chombo hiki hukata kwa makusudi kiungo cha `origin`, ndiyo maana tunakirudisha. Kuanzia komiti ya kwanza iliyoguswa, utambulisho wa komiti zote hubadilika. Mwenzako mwenye nakala ya zamani akiunganisha kazi yake na kusukuma, uchafu wote unarudi, hivyo kila mmoja afute yake na achukue upya.

Hata hapo usafi una mpaka. Nakala zilizochukuliwa na akaunti nyingine huzifikii, na marejeo ya maombi ya kuunganisha yanayokaa GitHub huwezi kuyaandika upya mwenyewe. Lazima uwaandikie wao. Nao husaidia kuondoa data nyeti pale tu wanapoona kwamba hatari haiwezi kuzimwa kwa kubadilisha ufunguo.