Sehemu ya 7: Sentimita kumi za kwanza za wasifu wako

Leo tuache kidogo habari za homa na chanjo. Tangu niandike kuhusu kurudi kazini baada ya uzazi, swali linalorudi kwangu ni hili: "Dada nesi, natuma maombi kila mwezi na siitwi kwenye usaili. Ni kwa sababu nimekaa nyumbani na watoto?" Kwa baadhi yenu, ndiyo, inachangia. Lakini wasifu nyingi nilizozishika mkononi zilikuwa na tatizo jingine kabisa, na liko juu ya ukurasa wa kwanza.

Niliwahi kukaa upande wa pili wa meza. Hospitali binafsi niliyokuwa nafanya kazi ilitafuta wauguzi wakunga 2 wa wodi ya wazazi, nikaombwa kumsaidia afisa utumishi kwenye mchujo. Maombi yalikuja zaidi ya 80. Tulipewa karatasi yenye majina upande wa kushoto, na mbele ya kila jina visanduku vinne: stashahada ya uuguzi na ukunga, leseni hai, uzoefu usiopungua miaka 2 wodi ya wazazi, utayari wa zamu za usiku. Unaweka tiki au unaweka mkasi. Basi. Yale mengine ya kwenye tangazo, kujua kompyuta, kuwa mchapakazi, kuwasiliana vizuri, hayakuwa na kisanduku.

Kwa hiyo anayechuja hasomi wasifu wako kama barua ya ndugu yake. Anatafuta majibu manne. Ni kama mama anapofika leba uchungu umeshakolea. Mkunga akishika kadi ya kliniki haanzi na mtaa anaokaa. Anatafuta ni mimba ya ngapi, ina wiki ngapi, kundi la damu, na kama aliwahi kufanyiwa upasuaji. Akivikuta haraka, anapata nafasi ya kumtazama mama mwenyewe.

Kwenye wasifu ni hivyo hivyo. Jicho linaanzia juu. Visanduku vikijaa tiki pale pale, kurasa zinazofuata zinasomwa kwa nia njema, anatafuta cha kuthibitisha. Lakini ile sehemu ya juu ikipita bila jibu hata moja, anaanza kufunua haraka haraka, na jambo lililojificha ukurasa wa tatu linaweza kumpita kabisa. Hakuchukii. Ana wengine 60 mbele yake na saa tisa alasiri imefika.

Sasa niwape mfano wa mama mmoja, nimwite Mama Pacha. Aliniletea wasifu wake mwaka jana, akiomba kazi inayofanana sana na ile niliyosema. Nikachukua karatasi yake ya A4, nikaikunja mara tatu kwa upana, nikabaki na theluthi ya juu, kama sentimita kumi hivi. Nini kilikuwa pale? Neno WASIFU kwa herufi kubwa kama bango la harusi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipozaliwa, dini, hali ya ndoa, idadi ya watoto, sanduku la posta. Chini yake kichwa "Lengo langu", na sentensi inayosema anatafuta kazi kwenye taasisi yenye changamoto ili akuze kipaji chake. Halafu shule ya msingi.

Visanduku vinne, majibu sifuri. Na mama huyu amezalisha wanawake kwa miaka minne! Ilikuwa imeandikwa ukurasa wa tatu, mstari mmoja: "Leba, 2017–2021." Leseni ilikuwa kwenye viambatanisho tu.

Hilo neno leba nalo lina shida yake. Mimi nalielewa, wewe unalielewa. Lakini mtu wa kwanza kuchuja mara nyingi ni afisa utumishi, si muuguzi. Tangazo lilisema "wodi ya wazazi", naye anatafuta maneno hayo. Tumia maneno ya tangazo, mradi ni kweli yanaelezea kazi uliyofanya.

Tukaondoa vyote vile vya juu. Yakabaki jina, simu, barua pepe na mji anaoishi, mistari miwili tu. Chini yake tukaandika muhtasari. Wengi tunaandika wasifu kwa Kiingereza, ila nauweka hapa kwa Kiswahili ili twende pamoja:

"Muuguzi mkunga mwenye stashahada na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Uzoefu wa miaka 4 wodi ya wazazi katika kituo cha afya (2017–2021): kuzalisha, kujaza patografu, kudhibiti damu nyingi baada ya kujifungua na kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Tangu Machi 2024 najitolea siku 2 kwa wiki kliniki ya wajawazito. Niko tayari kwa zamu zote, pamoja na za usiku."

Hesabu mwenyewe: kisanduku cha kwanza na cha pili vimejibiwa sentensi ya kwanza, cha tatu sentensi ya pili, cha nne mwishoni. Chini ya muhtasari tukaweka namba ya leseni na tarehe inapoisha, kisha kazi, kuanzia ya karibuni. Elimu ikafuata, na shule ya msingi tukaifuta.

Mmegundua hatukuandika "niliacha kazi kulea watoto"? Hatukuficha, miaka iko wazi kwenye orodha ya kazi, na akiulizwa kwenye usaili anajibu bila aibu. Ila kwenye ile karatasi hakuna kisanduku cha malezi. Swali analokuwa nalo anayechuja ni kama mikono yako bado imezoea kazi, na sentensi ya kujitolea ndiyo inayojibu hilo. Kama hujajitolea popote, weka mafunzo uliyopata karibuni. Kama navyo hakuna, acha miaka ijieleze, usitunge.

Maana muhtasari una mipaka yake. Kama leseni imeisha, hakuna sentensi itakayoihuisha. Anza na Baraza kwanza. Kama tangazo linataka miaka 2 na wewe una miezi 8, andika miezi 8. Wadhamini hupigiwa simu. Na ukiomba kazi za serikali kupitia Ajira Portal, unajaza taarifa zako kwenye vipengele vya mfumo, kwa hiyo haya ninayosema yanawahusu zaidi wanaotuma hospitali binafsi na mashirika.

Kabla hujatuma, fanya hivi. Kunja karatasi kama nilivyokunja ya Mama Pacha. Mpe mtu asiye wa fani yako, mume, dada, hata jirani, theluthi ya juu pekee pamoja na tangazo. Mwambie akutafutie sifa za lazima moja moja, aweke kidole kwenye jibu. Akisita, au akikuuliza "hii ndiyo nini?", umepata mahali pa kurekebisha. Na ukibadilisha kazi unayoomba, muhtasari nao unabadilika. Ule wa wodi ya wazazi ukiupeleka kwenye wodi ya watoto utakosa tiki hata kama uzoefu unao.

Mama Pacha aliitwa. Swali la pili kwenye usaili lilikuwa patografu: mstari wa hatua ukivukwa, unafanya nini? Hilo alilijibu mwenyewe.