Ngome na Aliye Nje

Makontena yatokayo Clairwood, Durban, kwenda Mombasa hupita katika bahari iliyowahi kuwindwa na maharamia. Kinga ya kwanza ni njia na mwendo: meli hukaa mbali na pwani na kuongeza kasi, kwa kuwa ni vigumu kupanda ubavu wa meli inayokimbia. Kinga ya mwisho ni ngome, chumba cha ndani wanamojifungia mabaharia.

Tarehe 8 Aprili 2009, Maersk Alabama ilivamiwa ikielekea Mombasa. Mabaharia wengi walijificha na kuizima mitambo. Maharamia wakabaki na meli wasiyoweza kuiendesha. Lakini nahodha alikuwa nje. Waliondoka naye kwa mashua ya kuokolea maisha, akaokolewa na wanamaji wa Marekani tarehe 12.

Ngome hufaa pale tu wote wanapokuwa ndani. Mmoja akibaki nje, waokoaji hawawezi kushambulia bila kuhatarisha uhai wake. Ndiyo maana watu huhesabiwa kwanza, mlango hufuata.