Viboko kwenye ratuni

Kilombero, Jumanne, 4 Novemba

Mstari wa tisa nimekuta kiboko. Kwa mbali nilidhani ni jani lililokauka likajikunja, kumbe kimechomoza katikati ya kilele, pale pa jani changa: cheusi, unene wa penseli, kimepinda kama mkia. Upande mmoja bado kina ngozi nyembamba ya rangi ya fedha. Upande wa pili imepasuka, na kidole nilichogusia kimetoka na masizi. Fugwe. Shina lake limetoa vibua vyembamba vingi kama nyasi, hakuna hata kimoja cha kupeleka kiwandani.

Nikakikata na kukibeba begani hadi njiani, wazi, na upepo unavuma! Masizi yale ndiyo ugonjwa wenyewe.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeingia alfajiri, upepo ukiwa bado umelala. Kwanza nakivisha kiboko mfuko wa plastiki taratibu na kuufunga kwa chini, ndipo panga, kisha jembe. Lazima shina ling'oke na mizizi yake, maana ukikata juu tu, machipukizi yatatoka na viboko vilevile. Nimeng'oa mashina 11 na kuyachoma.

Msimu uliopita, miwa ikiwa ya kupanda, niliona viboko viwili nikavipuuza.

Jumamosi, 8 Novemba

Shemeji kaja na muwa aliopasua, ndani mwekundu. "Dada, fugwe imeshuka mpaka ndani." Nikamwambia fugwe naitafuta kileleni, siipasulii muwa. Tukautazama vizuri: wekundu umezunguka tundu lenye unga wa kinyesi, haukwenda mbali na hapo. Ni funza tu.

Lakini alinikumbusha yale mabua ya mtaroni. Jani la tatu na la nne kutoka juu yamegeuka manjano na kukauka kuanzia kingoni. Nikachukua bua moja, nikalipasua kwa urefu. Wekundu ulivuka fundo hadi fundo, na ndani yake mabaka meupe yamekatiza kimlalo. Shemeji aliponusa akacheka: linanuka kama pombe iliyochacha. Mabaka yale meupe ndiyo yaliyonipa hakika kwamba ni uozo mwekundu. Rangi peke yake isingetosha. Na nilitazama papo hapo, kwa sababu muwa uliopasuliwa ukiachwa wazi hubadilika rangi hata ukiwa mzima.

Jumapili, 16 Novemba

Nataka mbegu mpya ya kujazia mapengo. Bwana shamba anasema pingili zikilowekwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 kwa saa mbili, fugwe iliyojificha kwenye macho hufa. Kwa uozo mwekundu ulioingia ndani ya pingili, maji hayo hayaaminiki. Kwa hiyo mbegu nitaipasua kabla ya kulipa.

Muuzaji amekataa miwa yake ipasuliwe ovyo. Nimenunua mitano kwa bei ya kutafuna, nikaipasulia mbele yake. Minne myeupe. Wa tano una mabaka.

Nimerudi na baiskeli tupu.