Dola 14 kwa Saa, na Barua Moja

Jarida hili nililisoma mwaka wa kwanza nikiwa hapo na ninyi, kabla sijahamia chuo kimoja huku Marekani kuendelea na shahada ya ualimu. Tangu nihame, wenzangu wa darasa lile wananiuliza swali lilelile kwa namna tofauti: huko bumu hakuna, sasa unaishije? Jibu fupi ni kwamba naosha vyombo kwenye mgahawa wa chuo, na ni msaidizi wa utafiti. Vyombo vinalipa chakula. Utafiti unalipa sehemu ya pango, na ndio uliofanya profesa mmoja anifahamu kiasi cha kuweza kuandika jambo la maana juu yangu. Nikiomba shahada ya uzamili mwakani natakiwa kuwa na wadhamini watatu wa kitaaluma. Katika darasa la watu 120, nani atakudhamini? Atasema ulipata A, basi.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayowakwamisha wengi. Mwenye visa ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo bila kuomba kibali kingine cha ajira, lakini masomo yakiendelea asizidi saa 20 kwa wiki. Hizo 20 ni jumla ya kazi zote. Pia hazihamishwi: huwezi kufanya 25 wiki hii ukalipia kwa 15 wiki ijayo. Ukizivuka umevunja masharti ya visa, na hapo huna wa kumbembeleza.

Halafu matangazo ya kazi. Nyingi za chuoni zimeandikwa Federal Work-Study. Hiyo ni fedha ya serikali yao ya kuwasaidia wanafunzi wao. Sisi wa F-1 hatumo, hata uwe na alama za kutisha. Nilipofika nilikuwa naziomba nazo zinapita kimya, mpaka dada mmoja Mkenya anayesoma uzamivu aliponiambia, “Mdogo wangu, acha kugonga mlango usio na mtu. Tafuta mwalimu mwenye ruzuku yake ya utafiti, umuulize kama bajeti ina saa za mwanafunzi.” Kazi za namna hiyo mara nyingi hata hazitangazwi. Nilifungua ukurasa wa kitivo, nikatafuta nani anatafiti nini, nikamwona profesa anayechunguza jinsi wazazi wakimbizi kutoka Kongo wanavyoshiriki elimu ya watoto wao. Mahojiano mengi yalikuwa kwa Kiswahili! Nilimwandikia mistari sita: mimi ni nani, nimesoma makala yake ipi, naweza kufanya nini, na swali moja la wazi kama ana fedha ya kunilipa kwa saa isiyo ya Federal Work-Study.

Alinipa saa 10 kwa wiki, dola 14 kwa saa. Mgahawani nilikuwa na saa 15 kwa dola 11, yaani dola 165 kwa wiki. Kumi na tano na kumi ni 25, kwa hiyo nilipunguza vyombo hadi saa 10, na jumla ikawa dola 250. Kabla ya kugusa karatasi yoyote nilifanya mafunzo ya maadili ya utafiti unaohusu watu, na jina langu likasubiri kuingizwa kwenye kibali cha kamati ya maadili. Wiki tatu. Pango halikusubiri, kwa hiyo usiache kazi ya zamani siku unayoahidiwa mpya.

Hati ya kwanza ya malipo niliisoma kwa makini. Saa 20 za wiki mbili ni dola 280, na humo walikuwa wamekata asilimia 7.65 kwa jina la FICA, dola 21.42. Hayo ni makato ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, na mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida hayadaiwi katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda. Kodi ya mapato ni jambo jingine, hiyo ipo. Nilipeleka hati ofisi ya mishahara wakanirudishia. Angalia mstari huo, ndugu yangu. Dola 21 ni mchele wa muda mrefu.

Sasa kazi yenyewe. Tulikuwa tunasoma vifungu vya mahojiano na kuvipanga kwenye makundi. Mawili ndiyo yaliyotusumbua: mzazi anamsaidia mtoto kujifunza nyumbani, au mzazi anajitolea shuleni. Mwenzangu alisoma tafsiri ya Kiingereza, mimi nilisoma Kiswahili, kila mtu peke yake. Kwenye vifungu 100 vya majaribio tulikubaliana 76. Si haba, ungesema. Lakini yeye alikuwa ameweka 80 nyumbani na 20 shuleni, mimi 60 na 40, na watu wawili wanaobahatisha kwa uwiano huo wangekubaliana mara 56 kwa bahati tu. Kipimo cha kappa ya Cohen huiondoa hiyo bahati: (76 − 56) / (100 − 56), ambayo ni 0.45. Kwa kazi ya kuchapishwa, hiyo ni ndogo.

Wengi wakifika hapo hukaa wakajadiliana kifungu kwa kifungu mpaka wakubaliane. Mimi kwanza nilizipanga tofauti zetu 24. Katika 22 yeye alisema nyumbani, mimi nikasema shuleni. Uzembe hauendi upande mmoja namna hiyo. Nikarudi kwenye maneno, na neno lilikuwa moja: “masomo.” Kwetu masomo ni yale unayosoma. Wale wazazi waliposema “ku masomo” walimaanisha shule, mahali penyewe. Mama aliyesema anasaidia ku masomo alikuwa anakwenda shuleni kusaidia, na mfasiri alikuwa ameandika kwamba anamsaidia mtoto kazi za darasani. Wazazi waliokuwa wakionekana hawafiki shuleni kumbe walikuwa wanafika.

Niliandika ukurasa mmoja nikampelekea profesa. Tafsiri zikarekebishwa, tukapima tena kwa vifungu 100 vipya: sote wawili 60 na 40, tukakubaliana 92, kappa 0.83.

Nilipomwomba barua ya udhamini hakukubali papo hapo. Alitaka nimwandikie orodha ya nilichofanya, chenye tarehe na namba. Barua yenyewe sitaiona, maana mwombaji kwa kawaida husaini kwamba hatadai kuisoma. Ila aliniambia, “Kwamba una bidii, kila mtu anaandika hivyo. Nitaandika hizi 22 kati ya 24.” Rafiki yangu wa maabara nyingine, mchapakazi kuliko mimi, amefanya kazi mwaka mzima chini ya mwanafunzi wa uzamivu. Profesa wake hamjui hata kwa sura, na barua itaandikwa na yule wa uzamivu, ambayo kwa kamati ya udahili haina uzito uleule. Ndiyo maana kabla ya kukubali nafasi mimi ningeuliza jambo moja baada ya malipo: kikao cha kila wiki, profesa mwenyewe anakaa?

Ruzuku yetu inaisha Agosti. Wakati wa likizo ndefu sheria inaruhusu kuvuka saa 20, mradi muhula ujao unarudi darasani, kwa hiyo nimeomba saa 35 nimalize mahojiano 11 yaliyobaki. Mgahawa unafungwa Juni.