Gurudumu la Baba na Darubini ya Kepler

Kosa langu lilikuwa la mistari miwili tu. Niliandika gazetini kwamba darubini za angani hugeuka kwa kuwasha viroketi vya pembeni, kuume wanapotaka kwenda kushoto na kushoto wanapotaka kwenda kuume. Siku ya pili msomaji mmoja akanitumia ujumbe: “Ndugu mwandishi, Hubble haina kiroketi hata kimoja. Sasa hugeukaje?” Sikuwa na jibu. Nimesoma chuo kikuu, nimeshaandika habari za bajeti na za uchaguzi bila kutetereka, lakini swali hilo lilinikalia kooni wiki nzima.

Jibu nililipata kwenye kiti cha ofisini, kile cha kuzunguka, usiku wa zamu. Mlinzi wetu alikuwa na baiskeli, akaniazima gurudumu la mbele huku akinitazama kama mtu aliyeanza kuugua. Nikakaa, nikanyanyua miguu, nikalilaza gurudumu mbele yangu kama sinia, mkono mmoja umeshika ekseli kwa chini. Kwa mkono wa pili nikalizungusha kwa nguvu kuelekea kushoto. Kiti, nami nikiwa juu yake, kikaanza kwenda kulia. Polepole, lakini kilikwenda. Hakuna aliyenisukuma.

Wanafizikia huita kitu hiki kuhifadhiwa kwa momenta ya mzunguko. Kwa lugha ya sebuleni: mimi, kiti na gurudumu tulianza tukiwa tumetulia, jumla ya mzunguko wetu ilikuwa sifuri, na kama hakuna kitu cha nje kilichotugusa, jumla hiyo lazima ibaki sifuri. Gurudumu likipata mzunguko wa upande mmoja, mimi nalipa deni kwa upande wa pili. Kwa kuwa mimi ni mzito kuliko gurudumu, nalipa kwa mwendo wa kobe.

Ila kilichonishangaza zaidi kilikuja baadaye. Nilipolikamata gurudumu likasimama, nami nikasimama. Sikurudi nilikotoka. Nilikuwa sasa natazama dirisha badala ya kompyuta. Hiyo ndiyo siri yote: unaongeza kasi ya gurudumu, chombo kinaanza kugeuka, unairudisha kasi ilipokuwa, chombo kinatulia kikitazama kwingine.

Hubble ina magurudumu manne ya aina hiyo, kila moja lina uzito wa kilo 45 hivi. Tufanye hesabu ya kukadiria tu. Tuseme darubini nzima ni ngumu kuzungushwa mara 60,000 kuliko gurudumu lake. Ukiliongezea gurudumu mizunguko 1,000 kwa dakika, darubini itapata mzunguko mmoja kwa dakika 60, yaani mwendo wa mkono wa dakika kwenye saa ya ukutani. Na kweli huo ndio mwendo wa Hubble. Robo ya duara inaichukua kama dakika 15, na hakuna moshi wa kuchafua vioo. Umeme wa jua unatosha.

Lakini nisiseme uongo kuhusu kiti changu. Nilipolikamata gurudumu, kwanza kiti kilirudi nyuma kidogo, nyuzi chache, ndipo kikatulia. Sababu ni msuguano wa mhimili wa kiti: sakafu ilikuwa imeingiza mkono kwenye hesabu yetu ya ndani. Angani hakuna sakafu, ila kuna mwanga wa jua. Mwanga husukuma. Ni msukumo mdogo mno, lakini hauchoki, na ukilipiga upande mmoja zaidi ya mwingine unakifanya chombo kitake kupinduka. Kukizuia, gurudumu linaongeza kasi kidogo. Kesho tena kidogo. Mwishowe linafika kikomo cha mota yake na haliwezi kupokea zaidi.

Nilipompigia baba kumweleza haya, alinikatisha papo hapo. Baba ni fundi baiskeli, tangu kabla sijazaliwa.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Sasa likishajaa kasi, wanalimwaga wapi?”

Ndiyo hasa. Lazima limwagwe kwa kitu cha nje. Hubble husukumana na usumaku wa dunia. Kepler, darubini iliyorushwa Machi 2009 kwenda kuzunguka jua mbali na dunia, haikuwa na usumaku wa kuegemea. Yenyewe ilitumia viroketi kila baada ya siku tatu hivi, kushikilia chombo huku magurudumu yakipunguza kasi. Kwa hiyo viroketi vipo, msomaji wangu, ila kazi yake si ile niliyoandika.

Kepler ilitazama nyota zilezile mwaka hadi mwaka, ikisubiri sayari ipite mbele ya nyota na kuipunguzia mwanga. Sayari kama dunia ikipita mbele ya nyota kama jua, inaziba chini ya sehemu moja kati ya 10,000 za mwanga. Picha ya nyota ikiyumba kidogo tu kwenye kamera, alama hiyo inapotea. Ilihitaji magurudumu matatu, moja kwa kila upande wa kugeukia, na la nne lilikuwa la akiba.

Julai 2012 moja likafa. Mapema 2013 jingine likaanza kuonyesha msuguano. Unajuaje, wakati liko mamilioni ya kilomita? Mota inahitaji nguvu zaidi kuliko jana ili kufanya kazi ileile. Baba alipenda sana hapo. Yeye huinua baiskeli, huzungusha gurudumu, na huweka sikio kwenye fremu. Gololi zilizochoka anazisikia kabla mwenye baiskeli hajazihisi. “Mngelipumzisha, grisi ijipange,” akasema. Nikamwambia walifanya hivyohivyo: Januari 2013 waliyapumzisha magurudumu siku kumi wakitumaini mafuta ya kulainisha yatasambaa upya. Mei, la pili likafa. Agosti NASA wakatangaza kwamba hawatajaribu tena kuyafufua.

Yakabaki mawili, na upande mmoja haukuwa na wa kuushika. Wahandisi wakamgeukia adui yuleyule, mwanga wa jua. Paneli za Kepler zilikaa kama paa la nyumba lenye mgongo katikati. Ukikielekeza chombo ili mwanga uanguke sawasawa pande zote za mgongo, misukumo inakaribia kufutana. Ni kama kusimamisha fimbo kwenye ncha ya kidole: haikai milele, ila ikianza kuanguka unaisahihisha. Kiroketi kilisahihisha kila baada ya saa sita hivi, na magurudumu mawili yakashika pande zilizobaki. Gharama yake ni kwamba haikuweza tena kutazama popote ipendapo. Ilibanwa kwenye ukanda wa mzunguko wake yenyewe, na baada ya siku kama 80 ililazimika kuhamia eneo jingine ili jua lisiingie kwenye mdomo wa darubini. Kazi hiyo, iliyoitwa K2, ilianza 2014 ikaenda zaidi ya miaka minne.

“Na yale mawili yakafa lini?” baba akauliza.

Hayakuiangusha. Oktoba 2018 yaliyokwisha yalikuwa mafuta ya viroketi.

Baba akakaa kimya kidogo. Nyuma yake nilisikia gurudumu likizunguka, tik-tik-tik, kisha akaniambia nisubiri, kuna mteja, na hilo la mteja linalia.