Leso za Dada Yangu Sebuleni

Zamani, mwanamke akifariki kwetu Mombasa, leso zake hazikukaa kashani muda mrefu. Hitima ikishasomwa na warithi wakiridhia, mashangazi na mama wadogo walifungua kasha, harufu ya udi na karafuu ikajaa chumbani, na kila doti ikapata mwenyewe: hii ya mkamwana, hii ya jirani aliyemuuguza, ile iliyofifia ya kumfutia mtoto atakayezaliwa. Mwaka haukuisha kabla hujakutana na leso ya marehemu pale Marikiti, mgongoni mwa mtu, imebeba mtoto mwingine.

Siku hizi kasha hufunguliwa na binti, na mkononi ana mkasi.

Binti wa dada yangu ana miaka 19 na ameamua leso za mamake zitakuwa foronya za mito ya sebuleni. Aliponiambia nilinyamaza. Leso nimeijua kama nguo ya kujifunga, ya kubebea, ya kutandikia mgonjwa, na dada yangu hakupenda mtu aikalie leso yake hata kwa bahati mbaya.

Sebule ile ya dada mtaikumbuka hata msioijua, maana zilifanana zote: makochi ya mbao yaliyopakwa vanishi, vitambaa vyeupe vya kufuma mgongoni mwa kila kiti, redio imefunikwa kitambaa chake, na mito ya sufi ambayo kila Ijumaa asubuhi tuliipiga kwa kiganja na kuianika uani mpaka ikafura tena. Sufi tulinunua kwa kilo, tukaketi mkekani kuchambua mbegu moja moja, na jioni tulipiga chafya sote, nywele zimejaa mvi za pamba ya mti. Sasa mito ni ya sponji, na foronya za mahameli zenye zipu zinauzwa tayari. Hakuna anayepiga chafya. Ijumaa asubuhi watu wanalala.

Kwa hiyo nilipomwona binti huyu amelitoa cherehani la mamake, lile la kukanyaga, akalipaka mafuta na kubadilisha mkanda wa ngozi uliokatika, hasira yangu ilipungua. Nikavuta kiti.

Jambo la kwanza alilofanya vizuri ni kutokimbilia kukata. Alifungua kila leso mbele ya dirisha na kuweka kiganja nyuma yake. Palipopenya mwanga hata ukahesabu vidole, hapo nguo imechoka, na mara nyingi ni katikati, palipokaliwa na mvaaji mwenyewe. Kisha alishika kitambaa kwa vidole gumba viwili akavuta polepole, kwanza kwa urefu wa uzi, halafu kwa upana. Leso nzima hunyamaza. Iliyooza hutoa mlio mdogo wa nyuzi kukatika, na ilitoa hasa kwenye mikunjo, pale ilipokunjwa vilevile miaka yote ndani ya kasha. Leso tatu alizitenga kwa sababu hiyo. Kisutu cha arusi ya mamake hakukigusa kabisa, na sikulazimika kumwambia.

Leso aliyoichagua ilikuwa ya zambarau na manjano, na jina lake lilisema: Usisafirie nyota ya mwenzio. Naikumbuka siku dada alipoinunua Biashara Street. Muuzaji aliikunjua doti juu ya meza, wanga mpya ukinukia, tukasoma jina kwanza ndipo tukatazama rangi, kama wafanyavyo wanawake wote. Dada alijua atapita mlango gani nayo, na mwenye mlango alijua pia.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mto wa kochi ni wa mraba, sentimita 45 kila upande. Jina la leso ile lilikuwa na urefu wa sentimita 58. Ukilazimisha, unapata mto unaosema "safirie nyota ya mwe", na huo ni ujinga mtupu. Binti alitandika leso sakafuni, akaweka gazeti alilolikata kwa kipimo cha mto, akalisogeza huku na huku, akaondoka, akarudi. Mwisho akakata kipande kirefu cha sentimita 70 kwa 32, jina likiwa katikati na nafasi sawa pande zote, kwa ajili ya mto mmoja mrefu wa kochi la watu watatu. Maua ya mji yakawa mito ya mraba. Pindo akalitumia nyuma.

Zipu alikataa, nami nilifurahi. Kwa mto wa 45 alikata uso wa 45 kwa 45, na mshono unapokula sentimita moja kila upande, foronya inabaki 43, ndogo kidogo kuliko mto, ndiyo maana inakaza vizuri na pembe hazilegei. Nyuma ni vipande viwili, kila kimoja 45 kwa 29. Ukingo mmoja wa kila kipande ukishapindwa sentimita mbili, vikiwekwa uso kwa uso na ule wa mbele hupandana kama sentimita tisa. Mto unaingizwa hapo kwa mkono, kama foronya za kitandani za zamani.

Kosa lake lilikuwa kwenye bitana. Leso kuukuu haiwezi kuvutwa na mto peke yake, kwa hiyo aliishonea marekani kwa ndani. Foronya ya kwanza ilitoka safi, imenyooka, tukaipokezana. Alipoifua ikajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Leso ya mamake imefuliwa miaka ishirini, ilishapungua ilivyotaka kupungua. Marekani lilikuwa jipya, likapungua peke yake na kuivuta mwenzake.

"Basi nimeiharibu, mama mdogo," akasema, macho yamejaa.

"Fumua bitana, leso haina neno. Marekani lililobaki liloweke maji ya moto mpaka kesho, ulianike, ulipige pasi, ndipo ukate."

Akafumua kwa wembe, mshono mmoja mmoja, mpaka adhana ya isha. Dada yangu angeitupa akaanza nyingine. Hakuwa na subira na sindano. Subira hii sijui binti ameitoa wapi.

Mito sasa iko sebuleni, mitano. Wageni wanaingia, wanausoma ule mrefu, wenye umri wetu wanacheka na kuniuliza kama ndiyo ile ya mlango wa fulani. Jina lililokuwa likitembea mtaani sasa limekaa kitako, halimchomi mtu tena, na hilo linanisikitisha zaidi kuliko mkasi. Lakini watoto wa nyumba ile wanaegemea nguo ya bibi yao kila jioni wakifanya kazi za shule, ilhali leso nilizogawiwa za mama yangu mzazi zimechakaa zote na sina hata pindo la kuonyesha.

Nilimwambia azifue kwa mkono, maji baridi, ndani nje, na azianike kivulini, maana jua letu hula zambarau haraka. Hata hivyo hazitadumu sana, nikamwambia, kitambaa kimeshatumika.

"Zikichakaa nitakata nyingine, mama mdogo. Zipo."

Nikainuka, nikafungua kasha, nikatoa doti moja nzima ya bluu aliyokuwa akiivaa dada kwenda kisimani kwa shangazi yetu, nikamwambia hii siyo ya mito. Nikajifunga moja kiunoni, nyingine kichwani, nikaenda nayo nyumbani.