Sentensi za Akiba Pembezoni mwa Hotuba

Msikilizaji yeyote wa redio anaijua sentensi hii: "Tunaomba radhi, mawasiliano na mwenzetu yamekatika, tutamrejea punde." Mtangazaji huitamka bila kushtuka, kwa sauti ileile aliyosomea habari, kwa sababu haitungi papo hapo. Ameingia nayo studio. Mimi kazi yangu ni kuwaandikia watu hotuba, na kwa miaka mingi sikuona kama jambo hilo linanihusu. Kwangu hotuba ilikuwa karatasi iliyokamilika. Ya jukwaani nilimwachia msemaji na Mungu wake.

Aliyenigeuza ni mtangazaji mmoja mstaafu. Tulikuwa tunapitia hotuba ya mama mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, huko Mbinga, ya mkutano mkuu wa mwaka. Mzee akasoma hadi mwisho, akavua miwani, akauliza: "Mama akipotea hapa katikati, anarudi kwa njia ipi?" Nikamjibu kuwa karatasi atakuwa nayo mkononi. Akanikumbusha kisa cha Michael Bay, mwongozaji wa filamu wa Marekani. Januari 2014, huko Las Vegas, Bay alipanda jukwaani kuzungumzia televisheni mpya, maandishi aliyokuwa akiyafuata kwenye skrini yakamchanganya, na ingawa mwenyeji wake alimtupia swali jepesi ili kumwokoa, aliomba samahani akaondoka. Swali lenyewe lilikuwa juu ya kazi anayoifanya kila siku. Alichokosa si maarifa. Hakuwa na sentensi ya kwanza ya kurudi nayo.

Tukaamua kuandika akiba ya kila kinachoweza kuharibika jukwaani: msemaji kupotea, maiki kuzimika, mpiga kelele ukumbini. Tukaanza na hilo la kupotea. Rasimu yangu ilisema: "Makato yameongezeka kwa sababu tatu." Mzee alilifuta neno "tatu" kwa kalamu nyekundu. Ukishatangaza idadi, wasikilizaji wanahesabu pamoja nawe. Ukiisahau ya tatu, ukumbi mzima unajua. Akafuta pia "kama nilivyotangulia kusema", maana kama kipande cha nyuma kilirukwa, maneno hayo yanakufichua. Kila sehemu ya hotuba ikaandikwa upya ili iweze kuanzwa hata kama iliyotangulia haikusomwa, na juu ya kila sehemu tukaweka neno moja kubwa: MAKATO, PEMBEJEO, GHALA. Kisha pembeni, ndani ya kisanduku, sentensi ya akiba: "Niko kwenye makato, na hili naomba nilieleze taratibu, maana ni fedha zenu." Haiombi samahani, haisemi uongo, na ni ndefu kiasi cha kumpa mtu nafasi ya kushusha macho, kulitafuta lile neno kubwa na kuendelea. Na anaweza kuitumia kutoka mstari wowote wa sehemu hiyo.

Kwa nini kisanduku, tena pembeni? Kwa sababu maelekezo yakikaa ndani ya matini, siku moja yatasomwa kwa sauti. Aprili 2024 Rais Joe Biden, akisoma kwenye kioo cha hotuba, alilitamka na neno la maelekezo lililomtaka anyamaze kidogo, na video yake ikazunguka dunia. Mabano hayatoshi, jicho lenye wasiwasi halioni mabano. Sisi tunachapa hotuba kwa herufi za ukubwa wa 18, upande mmoja wa karatasi, kurasa zina namba na hazibanwi kwa pini. Maneno ya akiba yana rangi nyingine, na msemaji anajua kwamba rangi hiyo haisomwi mpaka kuwe na haja.

Maiki ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu ikizimika, sentensi nzuri haina kazi: haisikiki. Kwa hiyo kinachoandikwa kwanza si maneno bali tendo. NYAMAZA. INUA MKONO. MTAZAME FUNDI. Msemaji anayeendelea kupaza sauti kwenye ukumbi wa watu mia tano anachoka bure, na walioko nyuma wanaanza mazungumzo yao. Maiki ikipiga mluzi, tendo ni jingine, kwani mluzi ule ni sauti ya spika inayorudi kwenye maiki na kuzunguka: sogea mbali na spika, usikifunike kichwa cha maiki kwa kiganja, na usikielekeze kwenye spika unapoushusha mkono.

Maneno yanakuja sauti ikirudi, na hapa kuna mtego. Msemaji huanzia pale alipokatikia yeye, ilhali ukumbi uliacha kusikia mapema zaidi. Aliye jukwaani anajisikia mwenyewe muda wote. Hana namna ya kujua sauti ilikufa wapi. Tulimweka kijana mmoja kiti cha mwisho akiwa na nakala ya hotuba, aweke alama penye neno la mwisho lililomfikia, kisha aonyeshe kwa vidole: kimoja, rudi aya moja, viwili, rudi mwanzo wa sehemu. Pembeni tukaandika: "Sauti imerudi, tuendelee. Nilikuwa nawaeleza habari ya ghala," na hapo anasoma aya ile upya, yote. Kumlaumu fundi mbele za watu hatukumwandikia. Fundi huyohuyo ndiye atakayeshika sauti yake nusu saa iliyobaki.

Umeme ukikatika kabisa, hilo halihitaji sentensi. Karatasi ilisema: kaa chini, jenereta iwashwe.

Mpiga kelele ni jambo la watu, na watu hawafanani. Yuko anayeshangilia, yuko aliyelewa, na yuko mwenye swali la kweli ambaye hakuona mahali pengine pa kuliuliza. Kwenye mkutano wa wakulima huyu wa tatu ndiye wa kawaida, nasi tulijua atauliza nini: malipo ya pili. Kwa hiyo akiba ya kisa hiki iliandikwa penye makato, siyo mwanzoni wala kwenye salamu. Kelele ya kwanza, asome tu. Ya pili: "Mzee wangu, nimekusikia. Malipo ya pili yana nafasi yake baada ya hotuba, na wewe utaanza kuuliza." Ya tatu si yake tena; anamtazama katibu, ambaye kazi yake ni kuongoza kikao.

Tulibishana kuhusu ile ya pili kuliko kitu kingine chochote. Mimi nilitaka mzaha. Mzee alikataa: mzaha juu ya mtu mzima mbele ya jirani zake unaugeuza ukumbi wote kuwa upande wake, hata wale waliokuwa wakikerwa naye. Alikataa pia alama ya kuuliza, kwa kuwa ukimwuliza mpiga kelele swali umempa zamu ya kusema. Na ahadi ile ya maswali ilitulazimu kurudi kwenye ratiba, ambako muda wa maswali haukuwepo. Tulipunguza burudani tukauweka. Maneno ya akiba yasiyo na kitu nyuma yake humrudia msemaji vibaya, na kama chama kweli kinadaiwa na hakina jibu, hakuna sentensi ya pembeni itakayolitoa.

Mazoezi yalifanyika ofisini kwao, milango imefungwa. Nilimchomolea Mama ukurasa wa tatu akiwa anasoma. Mzee akazima maiki bila kumwambia. Mhasibu akapewa kazi ya kupiga kelele, akaifurahia mno. Sentensi zangu mbili Mama alizitamka vizuri. Ya "Mzee wangu, nimekusikia" ilimkwama kila mara, mpaka akaomba kalamu, akaikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: "Baba, subiri kidogo, hilo la kwako nimelibeba." Mimi nisingeiandika hivyo. Ndiyo tuliyoichapa.